Lugha ya Kusahihisha Hesabu: Uchambuzi wa Barua ya Mhazini kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Harusi

IKISIRI

Makala haya yanachunguza barua ambayo mhazini wa kamati ya harusi humwandikia mwenyekiti wake ili kumwarifu juu ya makosa yaliyoonekana katika daftari la michango na jinsi jumla zilivyosahihishwa. Kwa kutumia daftari la mfano lililotungwa kwa ajili ya uchambuzi huu, makala yanaonyesha kwamba makosa mengi ya daftari huanzia katika lugha kabla ya kufika katika hesabu, na kwamba ufanisi wa barua hutegemea mambo matatu: nomino ipi imewekwa kuwa kiima, kitenzi kiko katika kauli gani, na kama kosa lisilogusa jumla limetajwa. Inadaiwa kuwa kosa hilo la mwisho, ambalo mhasibu angeliona dogo, ndilo zito kuliko yote mbele ya wanakamati.

1.0 Utangulizi

Katika miji ya Tanzania harusi nyingi hugharamiwa na kamati. Ndugu, majirani na wafanyakazi wenzi hupewa kadi za michango, nao huandika ahadi zao, kisha hulipa kidogo kidogo hadi siku chache kabla ya sherehe. Mhazini huweka daftari lenye safu za namba, jina, ahadi, malipo, baki na namba ya stakabadhi. Katika kila kikao yeye husoma jumla, na katibu huiingiza katika muhtasari. Jumla hiyo ndiyo inayoamua ukumbi upi ulipiwe, chakula cha watu wangapi kiagizwe, na nani apewe kadi ya mwaliko.

Rejesta ya barua rasmi za Kiswahili imezoeleka mashuleni na maofisini. Hata hivyo, mafunzo ya uandishi wa barua hujishughulisha zaidi na umbo: anwani mbili, tarehe, kichwa cha habari, mwili na hitimisho. Barua inayochunguzwa hapa inazua tatizo ambalo umbo peke yake haliwezi kulitatua. Mwandishi wake analazimika kusema kwamba jumla aliyoisoma mbele ya watu haikuwa ya kweli, na kwamba fedha zilizopo ni chache kuliko zilivyotangazwa, bila ya kumfanya msomaji adhani kwamba fedha zimeliwa. Kwa hiyo, uchambuzi utaanza na daftari lenyewe, kwani lugha ya barua haiwezi kupimwa mpaka ijulikane nini hasa kilitokea katika hesabu.

2.0 Daftari na Makosa Yake

2.1 Namna makosa yalivyogunduliwa

Daftari la mfano lina kurasa nne, kila ukurasa una mistari ishirini. Jumla za safu ya malipo zilizoandikwa chini ya kurasa hizo ni Sh. 1,240,000/=, 985,000/=, 1,460,000/= na 715,000/=. Jumla kuu iliyosomwa katika kikao ni Sh. 4,400,000/=. Kabla ya kulipa chochote, mhazini alihesabu fedha zenyewe: benki Sh. 3,600,000/=, katika simu Sh. 420,000/=, na taslimu mkononi Sh. 185,000/=. Hizi ni Sh. 4,205,000/=. Daftari, basi, lilizidi fedha kwa Sh. 195,000/=.

Wahasibu wana njia ya mkato ya kutafuta kosa: tofauti hugawanywa kwa tisa. Iwapo inagawanyika bila baki, hushukiwa kwamba tarakimu mbili zilizofuatana zimebadilishana nafasi, au sifuri moja imeongezwa au kuachwa. Sababu ya jambo hili ni nyepesi. Tarakimu ikihama kutoka nafasi ya makumi kwenda ya mamoja, na jirani yake ikichukua nafasi yake, tofauti inayobaki daima ni kigawe cha tisa: 21 ikiandikwa 12, tofauti ni 9, 73 ikiandikwa 37, tofauti ni 36. Lakini 195,000 haigawanyiki kwa tisa. Hii haina maana kwamba hakuna tarakimu zilizobadilishana nafasi. Ina maana tu kwamba, kama zipo, zimechanganyika na makosa mengine. Njia ya mkato hufaa pale kosa linapokuwa moja.

Mhazini alilazimika kufuata njia ndefu: kulinganisha kila mstari na stakabadhi yake au ujumbe wa simu. Kwanza aliona kwamba katika ukurasa wa 2 mchango mmoja wa 100,000/= uliingizwa katika mstari wa 6 na tena katika mstari wa 17. Kisha, katika ukurasa wa 3, mstari wa 9, aliona ahadi ya 200,000/= imeandikwa katika safu ya malipo ilhali stakabadhi iliyopo ni ya 50,000/= tu. Makosa haya mawili yalikuwa yamezidisha jumla kwa 250,000/=. Alipoyaondoa, daftari lilishuka hadi 4,150,000/=, likawa sasa limepungukiwa kwa 55,000/= likilinganishwa na fedha zilizopo. Alijumlisha upya kila ukurasa akakuta kwamba mistari ya ukurasa wa 4 inafikia 725,000/=, wala si 715,000/=; moja ya kupeleka katika safu ya makumi elfu ilisahauliwa. Tofauti ikabaki 45,000/=, nayo hugawanyika kwa tisa. Daftari halikuwa na mchango wowote wa 5,000/= ambao ungeweza kuwa 50,000/= iliyopoteza sifuri. Ilibaki kutafuta tarakimu mbili zinazopishana kwa tano katika nafasi za makumi elfu na elfu. Ukurasa wa 1, mstari wa 14, ulionyesha 105,000/=; stakabadhi yake ilikuwa ya 150,000/=.

Hapo daftari na fedha vililingana. Mhazini mwenye haraka angeishia hapo. Kwa kuwa huyu alikuwa ameazimia kupitia stakabadhi zote, aligundua kosa la tano. Katika ukurasa wa 3, malipo ya 30,000/= ya mchangiaji wa mstari wa 12 yaliongezwa kwa mchangiaji wa mstari wa 3, ambaye jina lake la kwanza ni lilelile. Mstari wa 3 ulionyesha 80,000/= badala ya 50,000/=, na mstari wa 12 ulikuwa mtupu. Jumla ya ukurasa haikuathirika hata kidogo.

2.2 Chimbuko la makosa katika lugha

Kati ya makosa haya matano, ni moja tu, lile la kujumlisha ukurasa wa 4, ambalo ni la hesabu tupu. Mengine manne yana chimbuko katika matumizi ya lugha.

La kwanza linahusu kitenzi -toa. Katika mazungumzo ya kamati, mtu husemwa "ametoa laki mbili" akiwa amekabidhi fedha, na husemwa vivyo hivyo akiwa ametoa ahadi. Yambwa "ahadi" au "fedha" huachwa, kwani wazungumzaji wanadhani muktadha unatosha. Mhazini anayepokea taarifa kwa mdomo huandika alichosikia, na safu anayoiandikia huwa ni ya kubahatisha. Vitenzi -ahidi na -lipa havina utata huo, na ndiyo maana vinafaa zaidi katika vichwa vya safu na katika vinywa vya wanaopeleka taarifa.

La pili ni majina. Mama mmoja hufahamika mtaani kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kazini kwa jina la ukoo, na katika ujumbe wa simu hutokea kwa jina la mwenye laini, ambalo pengine ni la mumewe. Tangu malipo kwa simu yaenee Tanzania, baada ya huduma ya M-Pesa kuanzishwa nchini mwaka 2008, hali hii imezidi kuwa tata, kwani mchango mmoja sasa unaweza kumfikia mhazini kwa njia mbili: ujumbe wenye jina rasmi, na kadi inayorudishwa na jirani ikiwa imeandikwa "Mama Fulani". Hivyo ndivyo mistari ya 6 na 17 ilivyozaliwa. Kosa la mistari ya 3 na 12 ni kinyume chake: huko mtu mmoja alikuwa na majina mawili, huku watu wawili wana jina moja.

La tatu ni usomaji wa namba. Kiswahili hutanguliza "elfu" mbele ya idadi yake, na kwa hiyo "elfu mia moja na tano" yaweza kusikika kama 105,000 au 100,005. Wazungumzaji hukwepa utata huu kwa neno "laki", lakini "laki na tano" na "laki na hamsini" nazo hutofautiana kwa neno moja tu, na anayeandika harakaharaka huku akisikiliza huweza kuteleza. Stakabadhi iliyomwokoa mhazini ilikuwa na kiasi kwa maneno: "laki moja na elfu hamsini". Tarakimu hubadilishana nafasi kwa urahisi; si rahisi kwa maneno kamili kubadilishana nafasi bila ya kuonekana.

3.0 Barua

Barua ifuatayo imetungwa kutokana na daftari hilo. Inaonyesha kanuni zitakazochambuliwa katika sehemu ya 4.0.

Kamati ya Harusi,
S.L.P. ..........,
Dar es Salaam.
Tarehe ..........

Mwenyekiti,
Kamati ya Harusi.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: MAKOSA YALIYOONEKANA KATIKA DAFTARI LA MICHANGO NA MASAHIHISHO YA JUMLA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Katika kikao kilichopita niliarifu kuwa michango iliyolipwa ni Sh. 4,400,000/=. Taarifa hiyo haikuwa sahihi. Jumla sahihi ni Sh. 4,205,000/=, na fedha hizo zipo zote: benki 3,600,000/=, katika simu 420,000/=, taslimu 185,000/=. Hakuna fedha iliyotumika wala iliyopotea. Tofauti ya Sh. 195,000/= ilikuwa katika maandishi yangu, nayo imetokana na makosa yafuatayo:

(a) Ukurasa 1, mstari 14. Niliandika 105,000/=; stakabadhi ni ya 150,000/=. Jumla ya ukurasa nimeiongeza kwa 45,000/=.

(b) Ukurasa 2, mistari 6 na 17. Mchango mmoja wa 100,000/= uliotumwa kwa simu niliuandika mara mbili, kwa majina mawili ya mtu yuleyule. Jumla nimeipunguza kwa 100,000/=.

(c) Ukurasa 3, mstari 9. Ahadi ya 200,000/= niliiingiza katika safu ya malipo; kilicholipwa ni 50,000/=. Jumla nimeipunguza kwa 150,000/=.

(d) Ukurasa 4, jumla. Niliandika 715,000/=; mistari inafikia 725,000/=. Jumla nimeiongeza kwa 10,000/=.

(e) Ukurasa 3, mistari 3 na 12. Malipo ya 30,000/= ya mstari wa 12 niliyaandika katika mstari wa 3. Jumla haibadiliki, lakini mchangiaji wa mstari wa 12 ameonekana kuwa hajalipa, na kwa sababu hiyo jina lake halimo katika orodha ya watakaopewa kadi.

Jumla za kurasa sasa ni: ukurasa 1, 1,285,000/=; ukurasa 2, 885,000/=; ukurasa 3, 1,310,000/=; ukurasa 4, 725,000/=. Jumla kuu ni 4,205,000/=.

Maandishi ya awali sikuyafuta. Nimeyakata kwa mstari mmoja ili yaendelee kusomeka, nikaandika kiasi sahihi juu yake pamoja na tarehe na sahihi yangu.

Naomba wajumbe wawili wakague masahihisho haya wakiwa na stakabadhi. Muhtasari wa kikao kilichopita urekebishwe. Jina la mchangiaji wa mstari wa 12 lirudishwe katika orodha kabla ya kadi kugawiwa. Na mchangiaji wa mstari wa 9 akumbushwe baki lake kwa utaratibu wa kawaida, kwani kosa halikuwa lake.

Nawasilisha.

(Sahihi)
Mhazini

Nakala: Katibu wa Kamati.

4.0 Uchambuzi

4.1 Kiima: fedha au jumla?

Ili kuona barua hii inafanya nini, ni vema kuilinganisha na sentensi ambayo hutumika mara nyingi mahali pake:

(1) Napenda kukujulisha kuwa baada ya kupitia daftari imegundulika kuwa kuna upungufu wa shilingi 195,000 uliotokana na makosa madogo madogo ya kibinadamu ambayo tayari yamerekebishwa.

Kisarufi sentensi (1) haina dosari. Ugumu wake uko katika nomino "upungufu". Kinachosemwa kupungua ni shilingi, na shilingi hupungua pale zinapochukuliwa. Msomaji wa (1) hawezi kujua kama fedha zilikuwapo zikaondoka, au hazikuwapo tangu mwanzo. Linganisha:

(2) Fedha zimepungua kwa 195,000.
(3) Jumla ilizidishwa kwa 195,000.

Sentensi hizi mbili zinaeleza tofauti ileile ya tarakimu, lakini zinaeleza matukio mawili yasiyofanana. Katika (2) kiima ni fedha, na tukio limetokea sandukuni. Katika (3) kiima ni jumla, na tukio limetokea kwenye karatasi. Tukio la kweli ni la (3). Kwa hiyo barua katika sehemu ya 3.0 inatumia "jumla" kuwa kitu kinachoongezwa na kupunguzwa katika kila kipengele, na inatumia "fedha" katika sehemu moja tu, pale inapotaja zilipo. Tena inazitaja kabla ya kuanza kuorodhesha makosa. Mpangilio huu una maana: mwenyekiti anayesoma kwamba 4,205,000/= zipo zote atasoma vipengele (a) hadi (e) kwa utulivu; yule anayeanza na makosa atasoma kila kipengele akitafuta mwizi.

Uteuzi wa nomino za kosa nao unahusika. "Kosa" hudokeza mkosaji. "Kasoro" hudokeza kitu ambacho hakijakamilika. "Hitilafu", neno lenye asili ya Kiarabu ambalo msingi wake ni kutofautiana, hudokeza vitu viwili visivyopatana bila kusema kipi kina makosa. Kabla ya uchunguzi kukamilika, mhazini angekuwa na haki ya kusema kwamba ipo hitilafu kati ya daftari na fedha. Baada ya kujua kila mstari, neno hilo halitoshi tena. Kinachobaki ni makosa, kila moja likiwa na mahali pake, na ndilo neno ambalo barua imelitumia.

4.2 Kauli za kitenzi na uwajibikaji

Mnyambuliko wa kitenzi cha Kiswahili unampa mwandishi ngazi kadhaa za kujisogeza mbali na tendo:

(4) Nilikosea kujumlisha.
(5) Jumla ilikosewa.
(6) Makosa yalitokea katika kujumlisha.
(7) Imegundulika kuwa jumla si sahihi.

Katika (4) mtenda yumo ndani ya kitenzi. Katika (5), kauli ya kutendwa, mtenda hatajwi lakini nafasi yake ingalipo: msomaji anaweza kuuliza "ilikosewa na nani?" na swali likawa na maana. Katika (6) makosa yenyewe ndiyo yamekuwa kiima, na swali hilo halina mahali pa kushika. Katika (7) kauli ya kutendeka imeondoa hata aliyegundua. Hakuna ngazi iliyo mbaya kwa asili. Kauli ya kutendeka ina kazi yake halali, kwa mfano "stakabadhi haisomeki", ambapo hali ya karatasi ndiyo inayohusika na wala si juhudi ya msomaji.

Tatizo huja pale ambapo kamati inahitaji kujua nani aliyeshika kalamu. Daftari huandikwa na mtu mmoja au zaidi, na katika mikono mingi mtuhumiwa huwa ni yule asiyekuwapo. Kwa kutumia nafsi ya kwanza katika vipengele vyote vitano, mhazini anaondoa shaka juu ya katibu, juu ya wakusanyaji na juu ya wachangiaji wenyewe. Hapo (4) si ungamo peke yake. Ni taarifa juu ya mipaka ya kosa: limeanzia kwenye kalamu moja, na wengine wote wako nje. Ikiwa kweli wakusanyaji wawili waliandika, nafsi ya kwanza ingekuwa uungwana wa uongo, na barua ingepaswa kusema "mstari huu uliandikwa na mkusanyaji" bila kuongeza sifa yoyote.

Njeo nazo zimegawanywa kwa uangalifu. Makosa yako katika -li- (niliandika, niliiingiza): matukio yaliyopita na kwisha. Masahihisho yako katika -me- (nimeiongeza, nimeipunguza): matendo ambayo matokeo yake yapo daftarini na yanaweza kutazamwa leo. Maombi yako katika dhamira tegemezi (wakague, urekebishwe, lirudishwe): mambo ambayo mhazini hana mamlaka ya kuyafanya peke yake. Mgawanyo huu unaweka mpaka wa madaraka. Kujumlisha upya ni kazi ya mhazini. Kubadili muhtasari uliokwisha kuthibitishwa ni kazi ya kamati. Mhazini anayeandika "muhtasari nimeurekebisha" amevuka mpaka huo kwa kiambishi kimoja.

4.3 Kiasi halisi cha makosa na kosa lisilogusa jumla

Sentensi (1) ina udhaifu mwingine ambao hauonekani mpaka hesabu irejewe. Inataja 195,000/= kana kwamba hicho ndicho kiasi cha makosa. Kwa kweli jumla ilizidishwa kwa 250,000/= na kupunguzwa kwa 55,000/=; 195,000/= ni kile kilichobaki baada ya makosa kufunikana. Laiti makosa ya kupunguza yangefikia 250,000/=, tofauti ingekuwa sifuri, na daftari bovu lingeonekana safi. Ndiyo maana kila kosa linapaswa kuwa na mstari wake katika barua, likiwa na ukurasa, kilichoandikwa, kinachothibitishwa na kilichobadilishwa. Mwenyekiti anaweza kufungua daftari na kukagua kipengele kimoja bila kuhitaji vingine.

Kipengele (e) hakibadilishi tarakimu yoyote ya jumla. Kwa mtazamo wa kichwa cha habari cha barua, ambacho kinazungumzia masahihisho ya jumla, kingeweza kuachwa. Lakini katika maisha ya kamati ndicho chenye uzito mkubwa zaidi. Kosa (d) lilimwathiri nani? Hakuna mchangiaji aliyeathirika. Kosa (e) lilimfanya mtu aliyelipa shilingi 30,000/= aonekane amekula ahadi yake, na jina lake likaachwa katika orodha ya kadi. Harusi ikipita bila yeye kualikwa, hakuna jumla itakayorekebisha jambo hilo, na atakapoandaa harusi ya mwanawe atakumbuka. Michango ni deni la kupokezana, na daftari ni kumbukumbu ya deni hilo miaka mingi baada ya sherehe. Familia nyingi hulihifadhi ili zijue nani alichangia nini.

Jambo hili linaeleza pia kwa nini barua inataja mistari badala ya majina. Barua kwa mwenyekiti husomwa kikaoni, na pengine kwa sauti. Mwenye daftari atajua mstari wa 9 ni nani. Wasikilizaji wengine hawana haja ya kusikia kwamba fulani bado anadaiwa laki moja na nusu. Maneno "kwani kosa halikuwa lake" yamewekwa kwa ajili ya huyo huyo: asidaiwe kwa ukali kwa sababu ya safu aliyowekwa na mkono wa mwingine.

4.4 Cheo na ujamaa

Mwenyekiti wa kamati ya harusi mara nyingi ni baba mdogo au mjomba wa bwana au bibi harusi, na huenda mhazini ni mpwa wake. Uso kwa uso angemwamkia "shikamoo" na kumwita kwa jina la ujamaa. Katika barua anamwita "Ndugu Mwenyekiti". Badiliko hili halipunguzi heshima. Linampa mwenyekiti karatasi ambayo anaweza kuiweka mezani mbele ya upande wa pili wa ukoo bila ya kuonekana kwamba jambo limemalizwa nyumbani. Nakala kwa katibu ina kazi hiyo hiyo. Kwa upande mwingine, fomyula "Husika na kichwa cha habari hapo juu" na "Nawasilisha" hazibebi taarifa yoyote. Faida yake ni kumwonyesha msomaji kwamba yuko katika barua rasmi. Hasara yake hutokea pale "Nawasilisha" inapochukua nafasi ya maombi, ikamwacha mwenyekiti na habari asiyojua aifanyie nini.

5.0 Mipaka ya Barua

Barua nzuri haiwezi kuthibitisha zaidi ya kile kilicholinganishwa. Kulingana kwa daftari na fedha hakuonyeshi kwamba kila mstari ni sahihi, kama kosa (e) lilivyodhihirisha. Kulinganisha mistari na stakabadhi nako hakugundui mchango uliopokelewa bila stakabadhi na bila kuandikwa. Huo utajulikana tu mwenyewe atakapouliza. Zaidi ya hayo, mfano huu ulikuwa mwepesi kwa sababu hakuna fedha iliyokuwa imetumika. Malipo yakishaanza, na fedha za simu zikishatolewa kwa wakala, makato ya huduma yatapunguza fedha zenyewe, na hapo kauli kama (2) itakuwa ya kweli na itapaswa kutengwa kabisa na makosa ya maandishi, katika aya yake na kwa vielelezo vyake.

6.0 Hitimisho

Uchambuzi umeonyesha kwamba daftari la michango huharibika kwa njia za lugha: kitenzi -toa kisicho na yambwa, mtu mwenye majina mawili, majina yanayofanana, na namba inayosikika kwa namna mbili. Barua ya kulisahihisha hufaulu kwa njia hizo hizo zikigeuzwa: jumla inawekwa kuwa kiima badala ya fedha, mtenda anarudishwa katika kitenzi, -li- inatenganishwa na -me-, na kila kosa linapewa ukurasa na mstari wake. Katika kufundisha uandishi wa barua rasmi, ingefaa wanafunzi wapewe daftari lenye makosa pamoja na stakabadhi zake, waandike barua, kisha wabadilishane ili kila mmoja ajaribu kulisahihisha daftari kwa kuifuata barua ya mwenzake peke yake. Mstari wa 12 ukibaki mtupu baada ya zoezi hilo, barua haijakamilika, hata kama jumla imelingana na fedha zilizopo.